Chupa za Chai na Kufuli Katika Kontena Moja

Mfanyabiashara wa Mombasa ameagiza kontena la futi 20 kutoka China. Ndani mna bidhaa mbili tu: katoni 300 za chupa za chai za lita moja, zile zenye kioo ndani na plastiki nje, na katoni 300 za kufuli za chuma. Kwenye ankara ya muuzaji, chupa zote ni dola 9,000 na kufuli zote ni dola 9,000. Mzigo umefika, kodi zimelipwa, umetolewa bandarini na kufikishwa ghalani, na wakala wa forodha amemkabidhi mwenye mali nakala ya tamko.

Mwenye mali anakaa chini kupanga bei. Anaona kwamba tamko lina mistari miwili, mmoja wa chupa na mmoja wa kufuli, na kila mstari una thamani ileile na kodi zilezile hadi shilingi ya mwisho. Basi anachukua gharama zote, za meli, za kodi na za bandarini, anazikata nusu kwa nusu. Hesabu inamwambia kwamba chupa moja imemgharimu shilingi 501 na kufuli moja shilingi 100. Anauza chupa kwa bei ya jumla ya shilingi 560, akiamini kuwa ana faida ya karibu shilingi 59 kwa kila moja. Chupa zinaondoka haraka. Kufuli zinabaki, kwa sababu jirani anauza za aina hiyohiyo kwa bei nafuu kidogo. Mwisho wa chupa zote, fedha zilizotarajiwa hazimo.

Karatasi ya forodha haikumdanganya. Kila tarakimu iliyomo ni sahihi kwa kazi yake, na kazi yake ni kumwezesha mkusanya ushuru kujua atoze kiasi gani. Kujua chupa moja imekugharimu kiasi gani hadi kufika dukani ni kazi nyingine, inayotumia tarakimu zilezile lakini kwa mpangilio tofauti. Mfano huu una tarakimu nilizozifanya ziwe za mviringo ili zisomeke kwa urahisi. Viwango vya kodi ni vya Kenya, vilivyokuwa vikitumika mwaka 2025.

Tuanze na thamani, kwa sababu kodi zote zimesimama juu yake. Ankara inasema dola 18,000 kwa bidhaa zote mbili, na kando ya tarakimu hiyo kuna herufi FOB. Maana yake muuzaji amefikisha mzigo melini katika bandari ya kwao, na kuanzia hapo gharama ni za mnunuzi. Nauli ya meli hadi Mombasa ni dola 2,100 na bima ya safari ni dola 100. Ukijumlisha zote tatu unapata dola 20,200, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye tamko kama CIF. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ndiyo inayoamuru hivyo: thamani ya kutozea ushuru ni ile ya mzigo ukiwa umefika bandarini, pamoja na nauli na bima yake. Kwa hiyo unatozwa ushuru juu ya bei ya bidhaa, na unatozwa pia juu ya nauli uliyoilipa kuileta. Gari la kutoa mzigo bandarini kwenda ghalani halimo ndani ya thamani hiyo, kwa kuwa safari hiyo huanza baada ya mpaka kuvukwa.

Kisha dola hugeuzwa kuwa shilingi. Forodha haitumii kiwango cha benki yako. Ina kiwango chake inachokitangaza, na ndicho kinachochapishwa kwenye tamko. Tuchukue shilingi 130 kwa dola. CIF yetu inakuwa shilingi 2,626,000. Ikiwa benki ilikuuzia dola kwa shilingi 132 siku uliyomlipa muuzaji, basi bidhaa zenyewe zilikugharimu shilingi 36,000 zaidi ya zinavyoonekana kwenye tamko. Mtu anayetaka hesabu ya kweli huchukua bei ya bidhaa kutoka kwenye karatasi ya benki, na huchukua kodi kutoka kwenye tamko. Hapa tutaziacha zote kwenye 130 ili uzi wetu usikatike.

Sasa kodi. Chupa za chai zinaangukia kichwa namba 9617 cha orodha ya ushuru na kufuli kichwa namba 8301. Nimezichukua zote mbili kwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ambacho ndicho kiwango cha bidhaa nyingi zinazoingia zikiwa tayari kuuzwa. Asilimia 25 ya 2,626,000 ni shilingi 656,500. Inafuata ada ya tamko la uagizaji, inayoonekana kwa herufi IDF, asilimia 2.5 ya CIF, yaani shilingi 65,650. Kisha tozo ya kuendeleza reli, RDL, asilimia 2 ya CIF, yaani shilingi 52,520.

Kodi ya ongezeko la thamani huja mwisho, na ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu haipigwi juu ya CIF peke yake. Kwanza unajumlisha CIF na ushuru wa forodha, 2,626,000 na 656,500, upate 3,282,500. Hapo ndipo unapotoa asilimia 16, ambayo ni shilingi 525,200. IDF na RDL hazimo katika msingi huo. Ukiziweka ndani kwa makosa, makadirio yako yatazidi yaliyo kwenye tamko kwa karibu shilingi 19,000. Hiyo ni njia nzuri ya kujua ulipokosea: tofauti ikiwa ni asilimia 16 kamili ya ada hizo mbili, umekwisha kulipata kosa lenyewe.

Jumla ya kodi zote ni shilingi 1,299,870. Ukiigawanya kwa CIF utapata 0.495. Uwiano huo unafaa kuukariri kwa bidhaa yoyote ya asilimia 25 isiyo na kodi nyingine ya pekee:

```
kodi zote = CIF × 0.495
0.495 = 0.25 + 0.025 + 0.02 + (0.16 × 1.25)
```

Kwa maneno mengine, kabla hujaagiza chochote, ukiwa bado unabishana na muuzaji kwa simu, unaweza kujua kwamba kila dola 100 ya CIF itadai dola 49 na nusu za kodi. Kiwango cha ushuru kikiwa asilimia 35, kile kilichoongezwa katika orodha ya pamoja ya Afrika Mashariki Julai 2022, badilisha 0.25 uweke 0.35 na 1.25 uweke 1.35. Hesabu inakwenda hadi 0.611.

Hata hivyo si kila shilingi iliyolipwa forodha ni gharama. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani huidai ile 525,200 aliyolipa bandarini, akiitoa katika kodi anayowakusanyia wateja wake. Kwake hiyo ni fedha iliyokwama kwa muda, wala haiingii katika gharama ya bidhaa. Asiyesajiliwa hana pa kuidai, kwa hiyo kwake ni gharama kamili, ya takriban shilingi 73 kwa kila chupa katika mfano wetu. Nchini Kenya mtu hulazimika kusajiliwa mauzo yake ya mwaka yakifika shilingi milioni 5. Wafanyabiashara wawili wanaweza kuleta chupa zilezile kwa meli ileile, na mmoja akashindwa kufikia bei ya mwenzake bila kuelewa kwa nini. Hapa tumchukue mwenye mali wetu kuwa amesajiliwa. Kodi anazobaki nazo ni ushuru, IDF na RDL, jumla shilingi 774,670.

Kuna na gharama ambazo tamko halizionyeshi kabisa: malipo ya bandari, malipo ya wakala wa meli, kazi ya wakala wa forodha, ukaguzi, gari la kutoa kontena na vibarua wa kushusha. Tuziweke pamoja kuwa shilingi 210,000. Amana ya kontena haimo, kwa sababu hurudishwa kontena tupu likirejeshwa kwa wakati. Likichelewa, kiasi kilichokatwa ndicho kinachogeuka kuwa gharama. Hivyo mzigo mzima umegharimu shilingi 2,626,000 na 774,670 na 210,000, yaani 3,610,670. Juu ya jumla hii hakuna ubishi. Ubishi wote ni jinsi ya kuigawa.

Mwenye mali aligawa kwa thamani, kwa sababu ndivyo tamko lake lilivyogawa. Mfumo wa forodha hauna budi kupata CIF ya kila mstari peke yake, na hapa nauli ya dola 2,100 iligawanywa kwa kufuata bei ya ankara. Bei zikiwa sawa, kila mstari ukapata dola 1,050. Kwa kukokotoa ushuru hakuna tatizo, na kwa kuwa bidhaa zote mbili ziko asilimia 25, serikali ingepata kiasi kilekile hata kama nauli ingegawanywa vingine. Lakini meli haikutoza nauli kwa kuangalia ankara.

Hapa ndipo orodha ya upakiaji inapohitajika, kwa sababu ina tarakimu ambayo tamko mara nyingi haliipi nafasi: ujazo. Katoni moja ya chupa ina chupa 12 na inachukua mita za ujazo 0.075. Katoni 300 zinachukua mita za ujazo 22.5. Katoni ya kufuli ina kufuli 60 na ni ndogo sana, mita za ujazo 0.0125, kwa hiyo katoni 300 zinachukua 3.75 tu. Jumla ni 26.25. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 33 ukilipima tupu, lakini katoni hazikai bila mianya, na wapakiaji wengi huhesabu kuwa limejaa likifika kati ya 26 na 28. Basi letu limejaa.

Ndani ya kontena hilo, sehemu sita kati ya saba ni chupa. Kufuli zimejikunja katika sehemu moja iliyobaki. Ukigawa nauli kwa nafasi, chupa zinabeba dola 1,800 na kufuli dola 300.

Uzito nao ungesema nini? Chupa zote pamoja na maboksi yake ni kilo 3,300, na kufuli ni kilo 4,950. Kwa uzito kufuli ndizo nzito, asilimia 60 ya mzigo wote. Anayegawa nauli kwa uzito ataipa chupa dola 840 tu, chini hata ya kile kilichoandikwa kwenye tamko. Kwa hiyo tuna njia tatu za kugawa nauli moja, na chupa zinapata dola 840, au 1,050, au 1,800. Ipi ni ya haki?

Swali la kujiuliza ni hili: nini kiliisha kwanza katika kontena? Mzigo wetu wote ni kilo 8,250, na kontena la futi 20 hubeba zaidi ya tani 20. Kwa upande wa uzito lilikuwa halijafika hata nusu. Kilichoisha ni nafasi, na nafasi iliishiwa na chupa. Kama mwenye mali angetaka kuongeza katoni 50 za chupa, angehitaji mahali pengine pa kuziweka. Katoni 50 za kufuli zingejipenyeza kwenye mianya. Kwa hiyo nauli igawanywe kwa nafasi. Lau mzigo ungekuwa vigae na misumari, mambo yangegeuka: kontena hufika ukomo wa uzito likiwa bado lina hewa ya kutosha juu, na hapo kilo ndiyo kipimo cha kugawia. Bima ni jambo jingine, kwa sababu hulipwa kulingana na thamani ya mali, na hapo nusu kwa nusu ni sawa.

Tupige hesabu upya kwa chupa. Bei ya ankara, dola 9,000, ni shilingi 1,170,000. Nauli yake, dola 1,800, ni shilingi 234,000. Bima, dola 50, ni shilingi 6,500. Ushuru, IDF na RDL tunazichukua kama zilivyo kwenye mstari wake wa tamko, shilingi 387,335, kwa kuwa ndizo zilizolipwa kwa ajili yake. Gharama za bandarini na usafiri nazigawa kwa nafasi pia, sehemu sita kati ya saba, shilingi 180,000. Ni kweli kwamba ada ya wakala wa forodha ingeweza kukatwa nusu kwa nusu, maana chupa na kufuli zote ziliandikwa kwenye tamko moja, lakini tofauti yake haitaonekana sana kwenye bei. Jumla ya chupa ni shilingi 1,977,835. Igawe kwa chupa 3,600, upate shilingi 549 na senti 40.

Kufuli nazo: shilingi 1,170,000 za ankara, 39,000 za nauli, 6,500 za bima, 387,335 za kodi na 30,000 za bandarini. Jumla ni 1,632,835, na ukiigawa kwa kufuli 18,000 unapata shilingi 90 na senti 71.

Sasa mambo yanaeleweka. Chupa iliyouzwa kwa 560 haikuleta faida ya shilingi 59, ilileta kumi na moja hivi, kabla hata ya kodi ya duka na mshahara wa kijana anayeuza. Kufuli ambayo mwenye mali aliamini imemgharimu 100 kwa kweli ilimgharimu chini ya 91, na angeweza kushusha bei akamfikia jirani huku akibaki na chake. Kwa chupa peke yake hesabu ya nusu kwa nusu ilificha shilingi 172,500. Fedha hizo hazikupotea kwa wizi wala kwa forodha. Zilihamishiwa kwenye kufuli kwa kalamu, na kufuli zikakaa rafuni kwa sababu ya mzigo usiokuwa wao.

Katika mfano huu bidhaa zote ziko kwenye kiwango kimoja cha ushuru. Zikiwa na viwango tofauti, tuseme moja asilimia 10 na nyingine 25, jinsi tamko linavyogawa nauli kwenye mistari hubadilisha hata kodi yenyewe. Ndiyo maana ni vizuri kumwomba wakala akuonyeshe rasimu ya tamko kabla hajaituma, usome CIF ya kila mstari na kuuliza nauli imegawanywa kwa msingi gani.

Nimeuweka uzito kando kana kwamba hauna kazi, na sivyo. Tamko lina uzito wa aina mbili. Kuna uzito wa jumla, ambao ni bidhaa pamoja na katoni na vifungashio vyote, na kuna uzito halisi wa bidhaa peke yake. Katika mfano wetu chupa zina kilo 3,300 za jumla na kilo 2,880 halisi, na kufuli zina 4,950 na 4,500. Gawa uzito halisi kwa idadi. Chupa inatoka gramu 800, kufuli gramu 250. Chukua chupa moja uiweke kwenye mizani ya dukani. Ikiwa inapima gramu 600, kuna jambo: ama idadi iliyoandikwa si iliyomo, ama umeletewa chupa nyepesi kuliko ulizoagiza, ama mtu amejaza uzito kwa kukisia. Ni ukaguzi wa dakika moja, na huwezi kuufanya kwa kutumia thamani, maana thamani haipimiki kwenye mizani.

Afisa wa forodha naye hupiga hesabu ya namna hiyo, ila yeye huanza na bei. Dola 9,000 kwa kilo 2,880 ni dola 3 na senti 12 kwa kilo ya chupa. Kufuli ni dola 2 kamili kwa kilo. Afisa ana kumbukumbu za mizigo mingine ya aina hiyo, na bei ya kilo ni njia ya haraka ya kulinganisha. Wapo mawakala ambao kwa haraka huandika uzito wa jumla mahali pote pawili. Ukifanya hivyo kwa chupa zetu, kilo zinakuwa 3,300 na bei ya kilo inashuka hadi dola 2 na senti 73. Hakuna aliyeiba, lakini mzigo umeanza kuonekana kama wa bei iliyopunguzwa, na maswali yataanza.

Kuna bidhaa ambazo uzito huamua ushuru wenyewe. Iliyo karibu zaidi na watu ni mitumba. Orodha ya pamoja ya Afrika Mashariki huitoza asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kilo, lolote lililo kubwa zaidi. Chukua robota la kilo 45. Kwa kipimo cha uzito ushuru wake ni dola 18. Ikiwa CIF ya robota ni dola 60, asilimia 35 ni dola 21, basi thamani ndiyo itakayotumika. Ikiwa CIF ni dola 40, asilimia 35 ni dola 14 tu, kwa hiyo uzito unatawala na utalipa 18. Mpaka uko kwenye karibu dola 51 na senti 43 kwa robota. Aliye chini ya hapo hapati nafuu yoyote ya ushuru kwa kununua robota la bei ya chini zaidi, na senti zake za ushuru kwa kila kipande ni kubwa kuliko za mwenzake wa daraja la kwanza ukizilinganisha na bei ya kuuzia. Nchi mwanachama inaweza kuruhusiwa kutumia kiwango chake kwa mwaka mmoja, na ruhusa hizo hutangazwa katika gazeti rasmi la Jumuiya, kwa kawaida mwisho wa Juni. Kwa hiyo kiwango husomwa mwaka kwa mwaka.

Limebaki jambo moja linaloharibu hesabu za watu wengi wenye uangalifu, nalo ni kupandishwa thamani. Afisa hakuridhika na dola 2 na nusu kwa chupa, akaona mizigo inayofanana imeingia kwa dola 3. Sheria inamtaka aanze na bei iliyolipwa kwa kweli, na akiikataa apitie mbinu nyingine kwa mpangilio, kwanza bidhaa zilezile, kisha zinazofanana, na kuendelea. Tuseme ameamua dola 3. Thamani ya chupa kwenye tamko imepanda kwa dola 1,800, yaani shilingi 234,000.

Mwenye mali akichukua CIF mpya kutoka kwenye tamko na kuiweka katika gharama zake, atakuwa amejiongezea shilingi 234,000 ambazo hakumlipa mtu yeyote. Muuzaji wa China bado alilipwa dola 9,000. Kilichopanda kwa kweli ni kodi iliyotozwa juu ya nyongeza hiyo: ushuru, IDF na RDL, asilimia 29.5 ya 234,000, yaani shilingi 69,030. Hizo ndizo za kuingiza, na zikigawanywa kwa chupa 3,600 ni shilingi 19 na senti 18 kwa chupa. Kodi ya ongezeko la thamani nayo imepanda kwa shilingi 46,800, lakini hiyo ataidai. Gharama ya chupa sasa ni karibu shilingi 569, na bei ya 560 imekwisha kuwa hasara.

Kwa hiyo kwenye tamko lililopandishwa thamani, soma safu ya kodi na uiamini, na safu ya thamani uiache kwa forodha. Bei ya bidhaa itoke kwenye ankara na uthibitisho wa malipo ya benki. Karatasi hizo mbili ndizo pia zitakazohitajika ukiamua kupinga, pamoja na mazungumzo ya maandishi na muuzaji na orodha ya bei zake. Kifungu cha 229 cha sheria hiyo ya forodha kinampa mwenye mali siku 30 tangu uamuzi utolewe kuomba kwa maandishi uangaliwe upya. Uamuzi ukibadilishwa, shilingi 69,030 zikarudi wakati chupa zote zimekwisha kuuzwa, ziandike katika hesabu za mzigo huohuo wa chupa na zisipunguze gharama ya mzigo unaofuata.